Mfadhili akipunguza asilimia 20, mradi unapoteza ngapi?

Barua yenyewe huwa fupi. Mfadhili anashukuru kwa ushirikiano, anaeleza kuwa mgao wake umepungua, kisha anaarifu kwamba ruzuku ya mwaka huu itashuka kwa asilimia 20 na anaomba bajeti iliyorekebishwa ndani ya wiki mbili. Katika asasi nyingi jibu la kwanza hupatikana siku hiyohiyo. Jedwali la bajeti linafunguliwa kwenye kompyuta, kila kasma inazidishwa kwa 0.8, na kufikia jioni bajeti mpya iko tayari. Jumla inalingana na barua, lakini kazi iliyoandikwa chini ya jumla hiyo haiwezi kufanyika.

Barua za aina hii zimekuwa nyingi tangu mwaka 2025. Januari 20 mwaka huo Rais Donald Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90, na Machi 10 Waziri wake wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kuwa asilimia 83 ya programu za USAID zinafutwa. Februari katikati yake, Uingereza nayo ilitangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo mwaka 2027. Miradi iliyofutwa kabisa ndiyo iliyovuma kwenye habari. Iliyopunguziwa haikuvuma, ingawa ina kazi ngumu ya namna yake: mradi uliofutwa hufunga mahesabu, uliopunguziwa lazima uendelee na uchague.

Namna ya kuchagua huonekana vizuri kwenye tarakimu. Chukua mfano wa asasi inayokarabati miradi ya maji katika vijiji 12 vya wilaya moja mkoani Dodoma. Asasi na hesabu zake ni za mfano tu, lakini kasma zake ni zilezile ambazo mhasibu yeyote wa miradi angezitambua. Bajeti ni shilingi milioni 600 kwa mwaka, Januari hadi Desemba. Ukarabati umetengewa milioni 240, yaani milioni 20 kwa kila kijiji. Mishahara ni milioni 168, mafunzo ya kamati za maji milioni 54, usafiri na posho milioni 48, ofisi milioni 30, ufuatiliaji na tathmini milioni 24, ukaguzi wa hesabu milioni 12, na mchango wa makao makuu, uliokubaliwa kuwa asilimia 4 ya bajeti nzima, ni milioni 24. Barua inaingia mwishoni mwa Mei. Zinatakiwa kutoka milioni 120.

Swali la kwanza ni kutoka wapi, na hapo ndipo kuzidisha kwa 0.8 kunapogonga mwamba. Hadi Mei 31 asasi imeshatumia milioni 240. Vijiji vitano vimekamilika, miezi mitano ya mishahara imelipwa, na utafiti wa hali ya awali umeshafanyika. Juu ya hizo kuna mkataba uliosainiwa na mkandarasi kwa vijiji vingine vitatu, milioni 60, na mabomba yake yameshashushwa kwenye eneo la kazi. Fedha hizo bado ziko benki, lakini si za asasi tena. Kati ya milioni 600 zimebaki milioni 300 ambazo mtu anaweza kuzigusa, na kutoka humo ndimo zinapotakiwa kukatwa milioni 120. Asilimia 20 ya barua imekuwa asilimia 40 ya kilichobaki. Kama barua ingefika Septemba, huenda pasingepatikana cha kukata.

Kwa hiyo kazi ya siku ya kwanza ni kupata salio la kweli, kabla ya kukata chochote. Leja peke yake haitoshi, kwa sababu inaonyesha kilicholipwa, haionyeshi kilichoahidiwa. Mhasibu anapaswa kupitia hati za ununuzi zilizotolewa ambazo mzigo wake haujalipiwa, mikataba inayoendelea, kodi ya pango iliyolipwa mbele, na likizo ambazo wafanyakazi hawajachukua na siku ya kuondoka zitadaiwa kwa fedha. Kisha kuna masurufu. Ofisa aliyekwenda vijijini mwezi Aprili na milioni 3 na hajaleta risiti anaifanya leja ionekane tofauti na ukweli: ama fedha zimetumika na hazijaandikwa kwenye kasma yake, ama hazijatumika na zinatakiwa kurudi. Asasi yenye masurufu mengi ya zamani itakata bajeti kwenye giza, na itaujua upungufu wake halisi Novemba.

Siku hiyohiyo mkataba wa ruzuku unasomwa upya, hasa vifungu vya marekebisho. Kila mfadhili ana kipimo chake. Katika mikataba ya kawaida ya ruzuku za Umoja wa Ulaya kwa nchi za nje, asasi huweza kuhamisha fedha kati ya vichwa vikuu vya bajeti bila kusaini nyongeza ya mkataba iwapo badiliko halizidi asilimia 25 ya kiasi cha awali cha kichwa husika, na lengo kuu la mradi halijaguswa. Kanuni za serikali ya Marekani humruhusu mfadhili kudai kibali cha mapema pale uhamisho wa jumla unapozidi au unapotarajiwa kuzidi asilimia 10 ya bajeti nzima. Mtu anayejua vipimo hivi hujua mapema ni badiliko lipi ataliamua mwenyewe na lipi litasubiri saini.

Sasa kukata kwenyewe. Hebu kwanza ufuatwe ule mtindo wa 0.8 hadi kijijini. Kila kijiji kati ya vinne ambavyo havijaanza kingepata milioni 16 badala ya 20. Makadirio ya milioni 20 ni ya pampu, tangi na bomba la kufikisha maji kwenye vituo vya kuchotea. Ukiondoa milioni 4, ama bomba linaishia njiani ama tangi linakuwa dogo kuliko mahitaji, na vijiji vyote vinne vinabaki na kazi isiyotoa maji. Mkato wa usawa unavutia kwa kuwa haumlazimu mtu kumwambia mwingine kwamba ameachwa, lakini bomba lina urefu wake na halifupishwi kwa asilimia.

Timu ya mfano wetu inaanza na kisichogusa kijiji. Mchango wa makao makuu unashuka wenyewe: asilimia 4 ya milioni 480 ni milioni 19.2, na hivyo zinapatikana milioni 4.8. Asasi nyingi husahau hatua hii na kuzikata fedha hizo kwenye kazi za kijijini. Ofisi inahamia kwenye jengo la asasi nyingine kuanzia Julai, milioni 6. Tathmini ya mwisho haifutwi, kwa sababu milioni 8 zilizolipia utafiti wa hali ya awali zingekuwa zimepotea bila kupata cha kulinganisha. Badala yake mtaalamu mshauri anaachwa, na maofisa wa mradi wanarudi kwenye kaya na dodoso lilelile. Zinapatikana milioni 9. Ukaguzi wa hesabu hauguswi, maana mkataba unaudai, na mwaka wa kupunguziwa fedha ndio mwaka ambao hesabu zitatazamwa kwa karibu zaidi.

Mishahara inahitaji utulivu zaidi kuliko kasma nyingine yoyote, na si kwa sababu ya huruma tu. Kumwondoa mfanyakazi kuna gharama, na mara nyingi gharama hiyo haimo kwenye jedwali. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, na ashauriane nao kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza athari, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, kwa miaka isiyozidi 10. Mwenye mkataba wa muda maalumu akikatishwa katikati anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai mishahara ya muda uliobaki.

Hesabu ya asasi yetu inakuwa hivi. Maofisa wa jamii ni wawili, kila mmoja akigharimu milioni 1.6 kwa mwezi. Nafasi moja inafutwa baada ya Julai, mashauriano yakiwa yamefanyika Juni. Kwenye jedwali zinaonekana milioni 8 za Agosti hadi Desemba, lakini ofisa huyo ana miaka mitatu kazini, na kiinua mgongo pamoja na likizo yake vinakula takriban milioni 2. Akiba ya kweli ni milioni 6. Mkataba wa mhandisi unaisha Oktoba wenyewe na hautaongezwa, milioni 6 nyingine. Meneja, anayegharimu milioni 4, anahamishia asilimia 40 ya muda wake kwenye mradi mwingine wa asasi kuanzia Julai, milioni 9.6. Hilo la mwisho ni halali kwa sharti moja: mradi huo mwingine uwe na kazi yake kweli, mfadhili wake awe amekubali, na karatasi za muda wa kazi zionyeshe hivyo. Kinachofanyika mara nyingi ni meneja kuendelea na kazi ileile siku tano kwa wiki huku mshahara wake ukihamishiwa kimyakimya kwa mfadhili wa pili. Mkaguzi akilinganisha safari zake na karatasi za muda, fedha zote hizo hukataliwa na asasi huzilipa kutoka mfukoni.

Mafunzo yanatolewa kwenye kumbi za mjini na kupelekwa vijijini, milioni 16. Safari zinaunganishwa, milioni 12. Vijiji viwili kati ya vinne vinaachwa, milioni 40. Jumla yake yote ni milioni 109.4.

Zimepelea milioni 10.6, na hapa ndipo mjadala wa kweli unapokuwa. Njia moja ni kuzitoa kwenye mafunzo, ambayo yangebaki na fedha chache sana. Njia ya pili ni kuacha kijiji cha tatu, ambako hutoka milioni 20, zaidi ya zinazohitajika. Kwa haraka njia ya kwanza inaonekana bora, kwa kuwa inaokoa kijiji kizima na picha ya maji yakitoka. Lakini chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, miradi ya maji vijijini huendeshwa na vyombo vya jamii vinavyosimamiwa na RUWASA, na vyombo hivyo ndivyo hukusanya fedha za maji, hununua vipuri na hulipa fundi. Kamati isiyojua kutunza mfuko wake itashindwa siku pampu itakapoharibika, iwe kijiji kimekarabatiwa mwaka huu au mwaka jana. Timu inaacha kijiji cha tatu. Milioni 9.4 zinazozidi zinarudishwa kazini: milioni 5.4 kwenye mafunzo, na milioni 4 kwenye usafiri, ili kila kijiji kilichokamilika kitembelewe tena baada ya miezi mitatu. Mkato sasa ni milioni 120 kamili, na mradi una vijiji tisa.

Vijiji vitatu vinavyoachwa ni vipi? Mpangilio wa kazi hapa una uzito kuliko inavyodhaniwa. Vigezo vinaandikwa na kusainiwa kwanza, kabla majina ya vijiji hayajatajwa mezani: idadi ya watu, umbali wa chanzo kingine cha maji wakati wa kiangazi, kuwepo kwa zahanati au shule inayotegemea maji hayo, kama kijiji kimeshatoa mchango wake wa fedha au wa mchanga na kokoto, na kama RUWASA ina mpango wa kufika huko katika mwaka wa fedha unaofuata. Baada ya hapo ndipo kila kijiji kinapewa alama. Vikao vinavyoanza na majina huishia kutafuta kigezo cha kutetea jina, na diwani atakayepiga simu siku ya pili ataliona hilo mara moja. Kama kijiji kinachoachwa kilikuwa kimechanga fedha, uamuzi lazima useme fedha hizo ziko kwenye akaunti ipi na ni za nani, na mkutano wa kijiji uambiwe hivyo kwa mdomo wa asasi yenyewe.

Yote haya yanaweza kufanywa vizuri na bado yakaharibika kwenye kumbukumbu. Fungua faili la bajeti iliyorekebishwa katika ofisi yoyote, na kwenye safu ya maelezo utakuta sentensi moja imerudiwa kila mstari: "Imepunguzwa kutokana na ufinyu wa bajeti." Sentensi hiyo haimwambii msomaji chochote ambacho tarakimu hazijamwambia. Mkaguzi anayekuja mwaka unaofuata, wakati meneja ameshahama na mhasibu ni mpya, hataki kujua kwamba fedha zilipungua. Anataka kujua kwa nini zilipungua pale na si kwingine, nani aliamua, na lini.

Kumbukumbu inayotosha haizidi nusu ukurasa kwa kila uamuzi mkubwa. Kwa uamuzi wa kijiji cha tatu ingesomeka hivi:

"Juni 12. Kasma ya ukarabati, kutoka milioni 240 hadi 180. Vijiji kutoka 12 hadi 9. Njia zilizofikiriwa: (a) kupunguza gharama ya kila kijiji hadi milioni 16, imekataliwa kwa kuwa mhandisi ameeleza kwamba mfumo hautafikisha maji, tazama maelezo yake ya Juni 9, (b) kuacha vijiji viwili na kupunguza mafunzo kwa milioni 26.6, imekataliwa kwa kuwa kamati za vijiji saba hazijamaliza mafunzo ya usimamizi wa mfuko. (C) kuacha vijiji vitatu, imekubaliwa. Vijiji vimechaguliwa kwa vigezo vilivyosainiwa Juni 10, alama zimeambatishwa. Aliyepinga: ofisa wa jamii, kwa hoja kwamba kijiji cha kumi kina shule ya bweni, hoja imejadiliwa, shule ina kisima chake. Waliokubali: meneja, mhandisi, mhasibu. Litapitiwa upya Agosti 31."

Kinachoipa maandishi haya nguvu ni njia zilizokataliwa na jina la aliyepinga. Uamuzi usio na njia nyingine pembeni yake huonekana kama ulikuwa umeshafanywa kabla ya kikao. Tarehe nayo ni muhimu, kwa sababu kumbukumbu iliyoandikwa Desemba kwa uamuzi wa Juni hujulikana. Huwa inajua mambo yaliyotokea baadaye, kama bei ya dizeli ya Oktoba, na huwa haina hata shaka moja.

Kumbukumbu hiyo pia ndiyo inayojibu swali ambalo mfadhili ataliuliza bila kukosa. Fedha zimepungua kwa asilimia 20, mbona vijiji vimepungua kwa asilimia 25? Zamani kila kijiji kiligharimu milioni 50 ukigawanya bajeti nzima. Sasa kinagharimu milioni 53.3. Asiyeandaa jibu huonekana mzembe. Jibu ni kwamba gharama kama ukaguzi, uhasibu na tathmini hazipungui kwa idadi ya vijiji, na kwamba karibu nusu ya mwaka ilikuwa imeshapita kwa kasi ya zamani. Jibu hilo likiwekwa kwenye barua inayoambatana na bajeti mpya, mfadhili hulisoma kama hesabu. Likisubiri aulize, hulisoma kama utetezi.

Pamoja na bajeti, malengo yanabadilishwa siku hiyohiyo. Kosa la kawaida ni kutuma bajeti ya milioni 480 huku jedwali la matokeo likiendelea kusema vijiji 12 na idadi ileile ya watu watakaopata maji. Mwisho wa mwaka ripoti inaonyesha kwamba asasi imeshindwa kufikia lengo ambalo haikuwa na fedha za kulifikia, na hakuna karatasi ya kuonyesha kwamba lengo liliwahi kujadiliwa. Barua moja ibebe yote mawili, na ipewe namba ya toleo. Bajeti ya zamani ifungwe kwenye mfumo wa uhasibu ili asitokee mtu wa kuidhinisha safari ya Agosti kwa kutazama kasma ya Januari.

Hadi mfadhili ajibu kwa maandishi, asasi inatumia kwa tahadhari. Neno la kwenye simu kwamba "endeleeni tu" halina uzito kwa mkaguzi. Ofisa wa mfadhili aliyelitoa anaweza kuwa naye amepunguzwa. Kwa wiki hizo yanalipwa yale yaliyomo katika bajeti zote mbili, ya zamani na mpya, kama mishahara ya Juni na madai ya mkandarasi, na mengine yanasubiri.

Agosti 31, tarehe iliyoandikwa kwenye kumbukumbu, timu inalinganisha matumizi ya miezi miwili na bajeti mpya. Usafiri ndio wa kutazamwa kwanza, kwa kuwa tabia za safari hubadilika polepole kuliko majedwali: kasma hiyo imebaki na milioni 20 kwa miezi saba, kwa hiyo matumizi ya Julai na Agosti yakizidi milioni 6, mkato umeandikwa lakini haujatekelezwa. Timu pia inapitia orodha fupi iliyoambatishwa Juni, ya vitakavyorudishwa iwapo fedha zitapatikana, kwa mpangilio. Cha kwanza ni kijiji cha kumi. Bei yake ya milioni 20 ilitoka kwenye makadirio ya mwaka uliopita, kwa hiyo mhandisi anatakiwa kuitafuta upya kabla mkataba wake haujaisha Oktoba.